Karatasi ya Ghalani

"Siku ngapi? Sema hapa mbele ya watu, siku ngapi?"

"Kijana, kaa chini."

"Sikai. Mlango ule pale. Uleule. Ijumaa asubuhi mpaka Jumapili mchana, nakojolea kwenye debe la dawa ya tumbaku. Sema siku ngapi!"

"Ulikuwa unatunzwa. Tungekuacha nje wenye hasira wangekuua."

"Mwenye hasira ulikuwa wewe!"

Watu wakacheka. Kamanda Kornel hakucheka. Alikuwa amesimama katikati ya ghala na filimbi shingoni, mkononi kashika kamba, na upande wa pili wa ile kamba kafungwa mkono mwanamke wa watu, mgeni wetu, dada Advera. Na dada Advera hakujifungua. Alituangalia tu, mara mimi, mara yeye, kama mtu anayesikiliza redio.

Mimi ndiye niliyekuwa napiga kelele. Naitwa Masolwa, mtoto wa pili wa mama Kabula. Shule niliacha darasa la sita, kwa hiyo mkinisikia naongea vibaya mnivumilie, ndivyo ninavyoongea.

Ilianza hivi. Dada Advera ni msaidizi wa kisheria. Mhaya, kwao Bukoba, ila anakaa Isikizya miaka mingi. Anazunguka vijijini na pikipiki yake nyekundu, anafundisha watu mambo ya mirathi, ndoa, mashamba. Mwezi wa tisa akaja kwetu Isenga, huku upande wa Goweko, akasema leo tunazungumza haki za mtu aliyekamatwa. Ofisi ya kijiji ndogo na jua lilikuwa linachoma, kwa hiyo mwenyekiti akafungua ghala la chama cha tumbaku. Mwezi wa tisa ghala linakuwa tupu, tumbaku yote imeshauzwa, imebaki harufu. Harufu ile haiondoki. Mimi nilikuwa sijaingia mle ndani miaka minne.

Nilitaka kukaa mlangoni nisikie kidogo nijiondokee. Mimi sikai sehemu moja muda mrefu, mama ananiambia nina siafu kwenye suruali. Lakini dada Advera akaanza kwa vituko, nikabaki.

Akasema, "Sitaki kuwahubiria. Kamanda wa sungusungu yupo? Shikamoo kamanda. Njoo unikamate."

Kornel akasema marahaba, akaona aibu kidogo, watu wakamsukuma. Akaenda akachukua kamba, akapiga filimbi, akamfunga dada Advera mkono mmoja, akamwambia, "Twende!"

"Kwa kosa gani?"

"Utaambiwa hukohuko."

Ghala zima likacheka maana ndivyo anavyosema siku zote. Dada Advera akasema, "Hapo kamanda umeshakosea, hatujafika hata mlangoni." Akatueleza. Mtu akikamatwa anatakiwa aambiwe palepale anakamatwa kwa kosa gani, kwa lugha anayoielewa. Kama hajakataa kwenda, hapigwi. Kama anakataa, inatumika nguvu ya kumtosha tu, siyo kumvunja. Mwanamke anapekuliwa na mwanamke. Bibi mmoja nyuma akasema, "Hilo liandikeni ukutani."

"Na sungusungu kukamata, tunaruhusiwa au haturuhusiwi?" Kornel akauliza.

"Mnaruhusiwa. Hata huyu bibi, akimwona mtu anaiba mbele ya macho yake, anaruhusiwa kumkamata. Lakini ukishamkamata, kazi yako imeisha. Unampeleka polisi bila kuchelewa. Huna mahabusu. Huna ghala la kumwekea mtu. Haya kamanda, endelea, umekuja nyumbani kwangu, hujanikuta mimi, umemkuta mdogo wangu. Unafanya nini?"

Kornel akajibu haraka, hakufikiria, kama mtu anayeulizwa mbili jumlisha mbili. "Namchukua mdogo mtu. Mkubwa atatokea mwenyewe."

Ndiyo hapo nikasimama.

Sasa niwaeleze, maana wa Isenga wote wanajua ila ninyi hamjui. Nina kaka, Ngollo. Miaka minne nyuma alikuwa mpakiaji wa chama, anabeba mabelo, yale marobota ya tumbaku, anapanga ghalani, anapakia kwenye lori. Wiki ile ya soko yeye ndiye alikuwa na ufunguo. Yakakosekana mabelo mawili, ya Kornel. Ijumaa alfajiri filimbi zikalia kuja kwetu. Ngollo alizisikia, akaruka dirishani na kaptula, akaingia msituni. Sungusungu hawakumkuta, wakanichukua mimi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Wakaniweka kwenye kile chumba kidogo ndani ya ghala wanachohifadhia magunia na uzi, wakasema natoka siku Ngollo akitokea.

Ngollo hakutokea. Nilitoka Jumapili kwa njia nyingine, nitaisema.

Dada Advera alipoona kelele zangu zimepungua akajifungua kamba mwenyewe, akaikunja vizuri, akampa Kornel. "Hakuna mtu anayekamatwa kwa niaba ya mtu," akasema, taratibu kabisa. "Siyo mdogo mtu, siyo mke, siyo mama, siyo baba. Kosa lina mwenyewe. Sungusungu wakifanya hivyo wamekosa. Polisi wakifanya hivyo nao wamekosa."

Mzee mmoja akauliza, "Na huyo mwenye kosa mwenyewe, akishafika polisi?"

"Bado siyo mwenye kosa, baba. Ni mtuhumiwa. Mwenye kosa ni mpaka mahakama iseme."

Akaendelea. Kwamba ukifika kituoni unaruhusiwa kunyamaza. Jina lako na unapokaa utasema, mengine una haki ya kukaa kimya, na wanatakiwa wakuonye kabla kwamba utakachosema kinaweza kutumika mahakamani. Una haki ndugu yako ajulishwe uko wapi, au wakili, au rafiki. Kukuhoji wana saa nne. Zikihitajika nyingine, anayesimamia anaweza kuongeza mpaka nane, na siyo kwamba zinaanza upya kila akija askari mpya. Ndani ya saa ishirini na nne upelekwe mahakamani au upewe dhamana, ukiacha makosa makubwa kama mauaji, hayo yana njia yake. Na dhamana ya polisi hailipiwi. Anakuja mtu anayefahamika, na kitambulisho na barua ya mtendaji, anasaini kwamba utakuja siku utakayoitwa.

"Na maelezo yako," akasema, "usisaini kabla hujasoma. Hujui kusoma, usomewe. Kuna neno hukusema, sema litolewe. Hata kama umechoka. Hata kama una njaa. Hata kama kuna mtu anakuambia kubali yaishe."

Kubali yaishe. Aliposema hivyo nikamtafuta mama kwa macho. Alikuwa amekaa upande wa wanawake kwenye mkeka. Alikuwa anaangalia miguu yake.

"Kuna swali?"

Kwa kuwa nilikuwa bado nimesimama nikauliza. "Sasa mtu ambaye kesi yake ina miaka minne na alikimbia, akirudi anafanywaje?"

"Kesi iko kituo gani?"

"Sijui. Muulize kamanda."

Akamgeukia Kornel. "Kamanda, mlipewa RB namba ngapi?" Akatugeukia sisi. "RB ni ile namba unayopewa ukienda kuripoti jambo polisi. Bila hiyo hakuna jalada."

Kornel akajikuna shingo. "RB ya nini? Sisi tulikuwa tunalishughulikia."

"Hamkuripoti?"

"Dada, sungusungu aende polisi kusema ameibiwa yeye? Kamanda? Wangenicheka mpaka Nzega."

"Na baadaye?"

"Baadaye kijana alikimbia. Na karatasi tulikuwa nayo. Mtendaji akaiweka ofisini. Tukaona imeisha."

Dada Advera akasema, "Kwa hiyo polisi hawajui."

"Watajuaje? Hakuna aliyewaambia."

Sijui nieleze vipi. Miaka minne kaka yangu hajala nyumbani. Miaka minne gari la polisi likipita barabara kubwa mama anaingia ndani. Kila mtu Isenga alikuwa anasema Ngollo anatafutwa na serikali, hata mimi nilikuwa nasema, nilikuwa nawatishia nayo watoto wa watu kwenye ugomvi, kaka yangu anatafutwa na serikali. Kumbe serikali haina habari. Kumbe anatafutwa na Kornel peke yake, na Kornel mwenyewe alishaacha kutafuta akalima mpunga.

Nikatoka nje. Sikulia, msije mkasema nililia. Nilikaa kwenye mizani ya kupimia tumbaku, nikawa nasikia tu wanawake wanauliza maswali na kupiga makofi.

Mkutano ulipoisha dada Advera akaja kuvaa kofia yake ya pikipiki. Akaniambia, "Karatasi gani?"

Huyu mtu hasahau. Ndiyo nikamwambia, na sikuwahi kumwambia mtu. Jumapili ile mtendaji alikuja pale chumbani na peni. Alikuwa mtendaji mwingine, alishahamishwa, siyo huyu Tobias wa sasa. Akasema andika hapa kwamba ulimwona kaka yako akitoa mabelo mawili usiku, uende ukale. Nikakataa. Kile chumba kina kidirisha kidogo chenye wavu. Mama alikuwa amekaa nje ya kidirisha tangu Ijumaa, hakwenda hata nyumbani. Akaweka mdomo kwenye wavu akaniambia, "Mwanangu, kubali yaishe. Mmoja ameshaenda. Wewe nisikukose." Nikasaini. Nikaenda nikala ugali na mlenda, mama ananiangalia, na tangu siku ile hilo jambo hatujalisema mimi na yeye.

"Ulimwona kaka yako akitoa?"

"Nilikuwa nimelala."

Dada Advera akavua kofia tena. "Nisikilize vizuri. Mimi siyo wakili, mahakamani siwezi kusimama kwa ajili yako, na hela yako siitaki. Lakini hili naweza kukuambia. Ile karatasi siyo hukumu. Mtu aliyefungiwa siku tatu na njaa ndio asaini, hayo siyo maelezo ya hiari. Kama ingekuwa kesi, ungeitwa mahakamani useme kwa mdomo wako, kwa kiapo, na ungesema ukweli. Ila usiichane. Ile ni ushahidi wa walichokufanyia wewe, siku ukitaka kuufuata."

"Mimi nataka arudi tu."

"Basi twende kwanza tuhakikishe. Maneno ya ghalani hayatoshi."

Tulienda Alhamisi. Kituo cha polisi nilikuwa sijawahi kuingia, mguu ulikataa pale kwenye ngazi. Dada Advera akasema, "Ni ofisi. Ingia." Askari wa zamu alikuwa mtu wa makamo, anakula mhogo. Akatafuta kwenye daftari za mwaka ule, akaingia chumba kingine akakaa huko mpaka nikataka kukimbia. Akarudi na vumbi mikononi. Hakuna taarifa. Hakuna jalada. Hakuna mtu wa jina hilo anayetafutwa pale. Akapiga simu kituo cha pili cha wilaya, wale nao wakasema hawana.

"Ila mwambieni," akasema, akarudi kwenye mhogo wake, "kosa la jinai halizeeki. Huyo mlalamikaji akija kesho kuripoti tutafungua."

Nje dada Advera akaniambia yuko sahihi. "Usiende kumwambia kaka yako kwamba yuko salama kabisa. Mwambie ilivyo. Hakuna kesi leo. Ikifunguliwa kesho, atakuja na mdhamini, atahojiwa, atapewa dhamana, ataendelea na maisha yake mpaka mahakama iseme. Hilo siyo jambo la kukimbia mtu."

Jioni nikaenda kwa Kornel. Shikamoo sikutoa. Nikamkuta anafunga jembe la ng'ombe kwa waya. Nikamuuliza utaripoti? Akafanya kazi yake kwanza. Kisha akasema, "Mwambie aje. Mimi nimezeeka, nina kisukari, mabelo mawili nitayapeleka wapi." Kisha akasema, "Yule kijana alikuwa anabeba belo peke yake kichwani bila kusaidiwa. Tangu aondoke ghalani hatujapata mtu." Nikaona na yeye ana hamu naye, mshenzi yule. Nikaondoka kabla sijamwonea huruma.

Kwa Tobias ofisini ile karatasi ilikuwepo, kwenye boksi la sabuni. Nikaipiga picha na simu.

Ngollo alikuwa wapi nilijua. Mtu anayeuza dagaa Goweko alishamwona Ulyankulu mwaka juzi, akaniambia kwa siri, na tangu siku hiyo nilikuwa naijua ile barabara kwa kichwa kabla sijaipita. Kwa nini sikwenda? Mnajua kwa nini. Mtu atakwendaje kwa mtu aliyemsainia?

Asubuhi ya safari nilimkuta mama ameloweka udongo. Kila kiangazi anakandika chumba cha Ngollo. Chumba changu kina ufa ambao kuku anapita, lakini cha Ngollo kila mwaka kinakandikwa, kinapakwa chokaa ile nyeupe anayochimba mtoni, kinafungwa. Hakuna anayelala. Nikamwamkia kikwetu, "Mwangaluka mayo, naenda Ulyankulu." Mikono ikasimama kwenye udongo.

"Ukamwambie nini?"

"Kwamba hakuna kesi."

"Na ile..." Akaishia hapo. Akachukua tonge la udongo akalipiga ukutani. "Mpelekee karanga," akasema. Alikuwa ameshazifunga kwenye kitambaa. Sijui alizifunga lini.

Nilipanda treni Goweko mpaka Tabora. Reli ile inafuata njia ya zamani ya misafara, bibi yetu alikuwa anatusimulia, wanaume wa kwetu walibeba pembe mpaka pwani, wengine walirudi baada ya miaka mitatu, wengine hawakurudi, na wanawake walikuwa wanajua wapagazi wanakuja kwa vumbi. Bibi alikuwa anasimulia kama jambo la kawaida tu, kama mvua. Mimi dirishani nikawa nawaza, wale angalau walikuwa wanajua mtu wao amekwenda wapi.

Tabora nikapata gari la Ulyankulu. Huko zamani ilikuwa kambi ya wakimbizi wa Burundi, sasa ni vijiji vya wakulima, kuna sehemu wanaziita kwa namba za barabara. Nikamtaja Ngollo, hakuna anayemjua. Nikaeleza, mrefu, ana kovu la kamba begani, hawezi kutembea bila kupiga mluzi. Mama mmoja muuza ndizi akacheka. "Si Ezekia huyo? Mpiga mluzi!" Akanionyesha njia.

Nilimsikia kabla ya kumwona. Mluzi uleule. Alikuwa anatengeneza kitalu cha tumbaku kando ya kijito, ameinama, amevaa gwanda la njano la kampeni. Nikasimama. Nilikuwa nimeandaa maneno toka Tabora, yote yakaondoka.

"Shikamoo kaka."

Mluzi ukakatika. Hakuinuka haraka. Aliangalia kwanza nyuma yangu, kushoto, kulia, kwenye miti, kuona nimekuja na nani. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

"Niko peke yangu," nikasema.

"Masolwa." Akaja. Akanishika kichwa kwa mikono miwili yenye matope kama anapima tikiti. "Umeota ndevu, we mbwa. Hizi ni ndevu au uchafu?"

"Marahaba yangu iko wapi?"

"Marahaba, marahaba. Mama?"

"Mzima. Mguu unamsumbua. Kakupa karanga."

Akafungua kile kitambaa palepale, akala moja, akafunga macho. Akaniuliza yule ng'ombe mweusi. Alishauzwa. Akaniuliza treni bado inapiga honi mara mbili kabla ya daraja. Mara mbili. Akaniuliza nani anabeba mabelo siku hizi. Nikamwambia wanabeba wawili wawili, akacheka mpaka akakaa chini. Mke wake akapita na ndoo, msichana mpole anaitwa Mwanajuma, akauliza, "Ezekia, mgeni wa wapi?" Akamjibu, "Wa nyumbani." Akalirudia peke yake, polepole. "Wa nyumbani."

Nikamwambia yote. Dada Advera, kamba, RB, daftari la polisi. Kwamba hakuna jalada na halijawahi kuwepo. Kwamba Kornel amesema aje. Kwamba ikitokea Kornel akabadilika, kuna dhamana, mimi nitasimama mdhamini, kitambulisho ninacho sasa. Nilivyokuwa naeleza nikamwona anabadilika. Mabega yalishuka. Akaangalia ile kaptula yake, ile nyumba yake ya nyasi, kitalu.

"Kwa hiyo nilikuwa namkimbia nani?" akasema.

"Hakuna."

"Kila gari, Masolwa. Kila gari nililisikia usiku." Akajifuta uso na mkono wa matope. "Sasa naweza kwenda kumwona mama? Hata wiki hii?"

"Hata kesho. Chumba chako anakikandika kila kiangazi. Nimemwacha na udongo mikononi."

Pale ningeweza kunyamaza. Nafsi yangu iliniambia nyamaza, mpande gari, mkale ugali. Lakini dada Advera alikuwa ameniambia, ile karatasi mwambie wewe, asije akaisikia kwa mwingine. Na Isenga angeisikia siku ya kwanza, kabla hajavua viatu. Nikatoa simu.

"Kuna kitu usome."

Ngollo anasoma vizuri kuliko mimi. Aliishia darasa la saba ili mimi niendelee, na mimi nikaacha la sita. Akasoma. Akakuza ile picha kwa vidole, akasoma tena. Jina langu lilikuwa chini, kwa mwandiko wangu mbaya uleule.

"'Nimeona kwa macho yangu,'" akasema. "Uliona?"

"Sikuona. Nilikuwa nimefungiwa siku ya tatu. Walitaka nisaini ndiyo nitoke."

"Siku tatu."

"Ndiyo."

"Mimi nilikuwa msituni pale nyuma ya bani la kukaushia tumbaku la mzee Kornel. Siku zote tatu. Nilisema wakikupiga nitatoka. Nilikuwa nasikiliza kama utapiga kelele." Akanirudishia simu. "Jumapili nikamwona mtu anapita, akasema umetoka. Umekubali. Ndiyo nikaondoka. Sikuelewa umekubali nini. Nilidhani umekubali kulipa."

Nikaitia simu mfukoni.

"Nani alikuambia ukubali?"

Mluzi ulikuwa umekufa, kijito tu kinasikika. Nilimwona mama, mdomo kwenye wavu. Ningeweza kusema. Angenielewa, kila mtu anamwelewa mtu aliyeambiwa na mama yake.

"Hakuna," nikasema. "Mimi mwenyewe. Nilikuwa na njaa."

Akanitazama sana.

"Na hujawahi kuniuliza," akasema. "Mpaka leo, hapa ulipokaa. Kamba, RB, polisi, dhamana. Hujaniuliza kama nilichukua."

Nikafungua mdomo. Nikawa naona aibu hata kuuliza, maana sasa ingekuwa kama naulizishwa. Miaka minne na swali lenyewe halikuwahi kunijia, wallahi. Nilikuwa nataka arudi, nilikuwa sijali alichukua au hakuchukua. Hilo ningemwambia lingekuwa zuri au lingekuwa baya? Sijui mpaka sasa.

"Kaka, ulichu..."

"Acha."

Akaokota jembe. Akakunja kile kitambaa cha mama, karanga tulikuwa tumeshazimaliza, yamebaki maganda, akakiweka mfukoni kwake, hakunirudishia.

"Mwambie mama chumba asikandike tena," akasema. "Asimalize. Abakize ukuta mmoja. Nitakuja nikandike mwenyewe."

"Lini?"

"Kitalu kikishaota."

"Na mimi je?" nikamuuliza. "Kaka. Mimi je?"

Alinitazama kidogo tu, kama vile anatafuta kitu kwenye ndevu zangu. Halafu akageuka, akatembea kuelekea mtoni na jembe begani, pale penye kovu, na nikasubiri kwa muda mrefu nisikie kama atapiga mluzi.